Vidole Vitano vya Mama Gerson

Elinipa Sumari alikuwa mtu wa kuhakiki, na wala hakuzaliwa hivyo. Nyanya ndizo zilizomfundisha. Aliingia ile kampuni ya mbegu karibu na Tengeru akiwa binti mdogo, akapewa kibanio na kichupa cha chavua, akaambiwa: hili ua ling'oe viungo vyake vya kiume kabla halijafunguka, kisha lipake chavua ya mmea ule mwingine, na ole wako ukisahau moja. Ua moja likijichavusha lenyewe, mbegu itakayotoka siyo aliyoagiza mnunuzi. Itafanana nayo kwa kila kitu, itapakiwa, itasafiri, itapandwa na mtu huko mbali, na uongo wake utajulikana siku ya kuvuna. Basi Elinipa akashika adabu ya kutoamini kitu kwa sababu tu kinafanana na kingine, na kwa adabu hiyo akapanda kutoka shambani hadi ofisini, kwenye dawati la nyaraka za mizigo inayokwenda nje.

Hapo ofisini wote walimwita Mama Gerson, kwa jina la mwanawe mkubwa aliyekuwa chuoni Dodoma. Mumewe alikuwa fundi wa barabara, mara Singida mara Babati, anakuja nyumbani mwezi ukiisha kama mgeni. Nyumbani kwenyewe ni Akeri, mlimani, kwenye migomba na kahawa za ukoo, ambako aliishi na mama mkwe wake, tumwite Bibi tu, na binti yake wa mwisho, Susana.

Na Susana ndiye habari yenyewe, kwa hiyo tumseme vizuri. Mtoto wa miaka kumi na minne, mcheshi, sauti ya kwaya, ila nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeharibika tangu utotoni na kila mwaka ilizidi. Alitembea na gongo. Mwaka huo alikuwa darasa la Kipaimara, na kila aliyekaa usharika wa Kilutheri anajua siku ile ikoje: watoto wanavaa nyeupe, wanaingia kanisani kwa maandamano, mstari mrefu mpaka madhabahuni, na mji mzima unatazama. Susana hakuogopa maswali ya katekisimu hata kidogo. Aliogopa ule mstari. Daktari alikuwa ameshasema nyonga ibadilishwe, na kwamba akifanyiwa mapema, mpaka Desemba, mwezi wa Kipaimara, ataweza kutembea bila gongo. Hospitali ikaandika maombi, maombi yakaenda kwa watu wa bima ya wafanyakazi, na tangu hapo familia ikawa inasubiri neno moja: kibali.

Habari hiyo Elinipa hakuitangaza kazini. Watu wa ofisi wana midomo, jamani, na yeye hakutaka mtoto wake ajadiliwe kwenye foleni ya chakula. Alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo ni Ummy.

Ummy Khalfani alikuwa ndiye mtu wa kompyuta pale ofisini. Msichana wa mjini, babake fundi cherehani kule Kaloleni, kichwa chepesi, mdomo mwepesi zaidi. Alipoajiriwa hakujua hata mbegu inatokaje kwenye nyanya, na Elinipa ndiye aliyemshika mkono, akamtembeza kwenye vitalu, akamwonyesha nani anaitwa nani na nani usimwazime chaja. Alipoolewa, Elinipa alikwenda na mkungu wa ndizi uliofungwa kwa kitenge, akacheza mpaka viatu vikamkatikia. Kila asubuhi Ummy alipita dawatini: "Shikamoo Mama Gerson." "Marahaba mwanangu, umekunywa chai?" Hivyo hivyo, miaka minne.

Sasa ile habari ya vidole ilianza hivi. Kuna kampuni moja ya maua huko jirani iliingiliwa. Mtu alipokea imeili, akabofya linki, ukurasa ukafunguka unaofanana na ule wa kuingilia kwenye barua pepe ya kazini, akaandika pasiwedi yake bila wasiwasi. Kumbe anamwandikia mwizi. Mwizi akaingia kwenye sanduku lake la barua, akakaa humo kimya anasoma, kisha akaanza kuwaandikia wateja kwa jina la yule mtu. Habari ikafika kwa Meneja Frederick, naye akatetemeka, akamwagiza Ummy awafundishe wafanyakazi wote, kuanzia ofisini mpaka ukumbi wa kufungashia.

Ummy akaandaa slaidi. Kiingereza kitupu, michoro, mishale, sijui nini. Siku ya kwanza tu, wahasibu walisinzia na wale kinamama wa kufungasha wakawa wanasukana nywele. Ummy akatoka pale macho mekundu, akaingia jiko la ofisi alikokuwa Elinipa.

"Mama Gerson, nimeaibika. Hawakushika hata neno moja."

"Watashika wapi? Umewapa vitu ishirini. Mtu akibanwa na kazi anakumbuka vitu ishirini?" Elinipa akamwagia chai, akanyanyua mkono wake mbele ya uso wa yule msichana. "Vidole hivi ndivyo watu huwa hawaviachi nyumbani. Niambie hayo mambo yako kwa Kiswahili, moja moja, tuyapange humu."

Wakakaa pale jikoni mpaka chai ikapoa, Ummy anaeleza, Elinipa anabana maneno. Wakatoka na mkono mzima.

Kidole gumba: *Nani?* Usisome jina lililoandikwa juu, jina kila mtu anajipa. Fungua anwani kamili ya aliyetuma, utazame kilichoandikwa baada ya ile alama ya @. Kama si ya kampuni, huyo si wa kampuni, hata ajiite meneja.

Kidole cha shahada, kile cha kuonyeshea: *Wapi?* Kabla hujabofya, weka kishale juu ya linki bila kubonyeza, anwani yake itajitokeza. Kwenye simu, bonyeza ushikilie. Kisha isome. Ruka ile https na mikwaju yake miwili, tafuta mkwaju unaofuata, halafu rudi kushoto: maneno yanayogusana na mkwaju huo ndiyo mwenye nyumba. Yale ya mwanzo kabisa ni mapambo ya mlangoni, mwizi anaweza kuweka hapo jina la kampuni yako au la benki yako, hakuna wa kumzuia. Na lile kufuli dogo lisikudanganye. Linasema njia imefungwa wasichungulie wapita njia, halisemi ni nani amekaa huko mwisho.

Kidole kirefu: *Mbona moyo unaruka?* Imeili ikikutisha, ikikuharakisha, ikikufurahisha ghafla, nyanyua mikono kutoka kwenye kibodi. Elinipa ndiye aliyeongeza hilo la kufurahisha. Ummy alikuwa ametaja hofu tu. "Weee, furaha ndiyo mbaya zaidi," Elinipa alimwambia. "Mwenye hofu huwa anauliza wenzake. Mwenye furaha hamuulizi mtu." Yakumbuke maneno hayo.

Kidole cha pete: *Anataka siri gani?* Pasiwedi, namba ya siri, ile namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu kwa ujumbe: hakuna mtu wa kweli wa kompyuta, wa benki wala wa bima atakayekuomba. Na kidole cha mwisho, kidogo, kinachofika sikioni: *Piga simu.* Lakini piga kwa namba uliyokuwa nayo zamani, siyo iliyoandikwa kwenye imeili hiyo hiyo. Na kama umeshabofya, piga simu vilevile, papo hapo, usifiche, pasiwedi ibadilishwe kabla mwizi hajavuta kiti.

Mambo yalishika, acha tu! Ukumbini wale kinamama waliimba vidole wakifungasha mbegu. Nalepo, binti wa Ngaramtoni aliyekuwa kiongozi wa zamu, alimkatalia msimamizi wake hadharani linki ya kikundi cha WhatsApp: "Kidole cha shahada kwanza, kaka." Watu wakacheka mpaka basi. Na kwa kuwa mdomo wa kufundisha ulikuwa wa Elinipa, vikaitwa vidole vya Mama Gerson, na Ummy hakuonekana kuchukia. Alikuwa akicheka na yeye.

Ni katika siku hizo za kukaa jikoni ndipo Elinipa alipomweleza kuhusu Susana. Alieleza akilia. Alisema namna mtoto anavyopima kwa macho urefu wa kanisa kila Jumapili. Ummy akalia naye, akamshika bega. "Itatoka, Mama Gerson. Inshallah itatoka."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?"

Haya.

Ikapita miezi kadhaa, na asubuhi moja ya siku ya kazi, mvua za masika zimeanza kukatika, Elinipa akafungua kompyuta yake kama kawaida. Kulikuwa na cheti cha afya ya mimea kinachomsubiri, mteja analalamika, simu inaita. Katikati ya barua hizo ikatokea moja: Kitengo cha Bima ya Wafanyakazi. Kichwa chake: *Kibali cha upasuaji wa nyonga, mtegemezi Susana, kimeidhinishwa.* Ndani, maneno machache ya heshima, na linki ya kuingilia ili mzazi akathibitishe kupokea.

Elinipa alipiga ukelele. Hakujua kama amepiga, aliambiwa baadaye. Akasahau cheti, akasahau mteja, na kitu cha kwanza alichoshika ni simu. Mtu wa kwao akipata jambo kubwa hawezi kulikalia, lazima lifike nyumbani kabla halijapoa.

"Mama! Mama, kimetoka! Kibali cha Susana kimetoka!"

Kule Akeri Bibi hakujibu kwa maneno. Alipiga vigelegele moja kwa moja kwenye simu, na nyuma yake Elinipa akasikia sauti ya Susana, aliyekuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu ya maumivu, ikiuliza nini, Bibi, nini?

Ndipo akabofya linki. Ukurasa ukaomba jina na pasiwedi ya kazini. Akaandika. Mwenyewe, Mama Gerson wa vidole vitano, aliandika kwa vidole hivyo hivyo.

Ukurasa ukageuka mwekundu. Juu yake pameandikwa: *Hili lilikuwa zoezi la usalama. Umenaswa. Pasiwedi yako haikuhifadhiwa. Tafadhali rejea kanuni za vidole vitano.* Na chini, kama wa kumkomoa, mchoro wa mkono.

Aliusoma mara ya kwanza hakuelewa. Aliusoma tena. Akarudi kwenye imeili, akafungua anwani ya mtumaji, na ilikuwa pale wazi kabisa, baada ya @ jina refu lisilo la kampuni wala la bima. Kidole gumba tu kingetosha. Akaegesha kishale kwenye linki: mwenye nyumba mwingine kabisa. Kila kitu kilikuwa pale, kilimngoja akitazame, na hakukitazama. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Akapiga nyumbani. Simu ikaita, ikaita, haikupokelewa. Bibi alikuwa ameshaiacha juu ya meza na kutoka nje kuwaambia majirani.

Sasa ndipo akili yake ya kuhakiki ikarudi, imechelewa lakini imerudi, na ikamuuliza swali moja. Imeili hii imejuaje nyonga ya Susana?

Aliinuka. Akapita kwa wahasibu, ambako mmoja alikuwa akicheka na kulalamika kwamba amenaswa na imeili ya ratiba ya likizo, mwingine hiyo hiyo ya likizo, mwingine likizo. Wote walikuwa wametumiwa likizo. Yeye peke yake ndiye aliyetumiwa mtoto wake.

Ummy alikuwa chumbani kwake, kwenye zile mashine zinazovuma. Alipomwona akanyanyuka. "Shikamoo Mama Gerson."

Elinipa hakuitikia. Mtu akikataa shikamoo yako, jua mambo yameharibika.

"Ni wewe?"

Ummy akatazama chini. "Mama Gerson, ni zoezi tu. Kila mtu ametumiwa."

"Nimekuuliza, ile yangu, ni wewe uliyeiandika?"

"Meneja alitaka kila mtu ajaribiwe. Nikamwambia wewe hutanaswa na ya likizo, utaicheka. Akasema basi tafuta itakayomnasa hata yeye, tuone mfumo una nguvu kiasi gani." Kisha akajikaza, akaanza kuongea kwa ile sauti yake ya slaidi. "Na ni kweli, ulinaswa. Walaghai hawana huruma, mama. Wanatafuta pale panapouma. Afadhali nimekunasa mimi kuliko wao."

"Wao wangelijuaje?"

"Wangelijua nini?"

"Nyonga. Susana. Kibali. Mlaghai gani duniani angelijua hilo, Ummy? Nilimwambia mtu mmoja. Jikoni pale, nalia. Mtu mmoja!"

Ummy akarudi kitini taratibu. Zile mashine zikaendelea kuvuma.

"Nimepiga simu nyumbani," Elinipa akasema. "Kabla sijabofya. Nimemwambia Bibi. Bibi amemwambia mtoto."

"Ya Allah," Ummy akasema, akaziba mdomo. "Sikujua kama utapiga. Nilidhani utabofya tu, uone, tucheke."

Tucheke! Elinipa alimtazama yule msichana aliyemchezea harusini mpaka viatu vikakatika, akaona hamfahamu. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aligeuka akatoka, akaomba ruhusa, akaenda kutafuta usafiri wa kupanda Akeri.

Alichelewa. Alipoikaribia nyumba yake alisikia kwanza nyimbo. Jumuiya ilikuwa imekuja. Wale majirani wanaosali pamoja kila wiki walikuwa wamesikia vigelegele vya Bibi, na kwa watu wa mlimani hiyo inatosha, hawasubiri barua ya mwaliko. Mwinjilisti alikuwepo na Biblia yake. Sufuria ya loshoro ilikuwa jikoni, mahindi na ndizi na maziwa, mtu mwingine ameleta soda. Wote walikuwa wanaimba shukrani barazani, na Susana yuko katikati yao, amesimama, ameshika kiti kwa mkono mmoja.

Gongo lake hakuwa nalo. Elinipa alilitafuta kwa macho, akaliona limesimamishwa nyuma ya mlango.

"Mama!" Susana akasema. "Nimeanza kujizoesha kukaa bila hilo gongo."

Unamwambiaje? Niambie wewe unayesoma hapa, unamwambiaje? Elinipa alisimama uani kwake na mkoba begani, wimbo ukafifia wenyewe, kwa sababu uso wake ulikuwa umeshasema nusu. Akasema hakuna kibali. Akasema ilikuwa imeili ya majaribio ya kazini, ya kuwafundisha wafanyakazi wasidanganyike, na yeye amedanganyika. Mwinjilisti hakuelewa, akauliza majaribio ya nini. Akaeleza tena. Jinsi alivyozidi kueleza ndivyo lilivyozidi kuwa jambo la kijinga, na watu wakawa wanatazama miguu yao.

"Yaani wamefanya makusudi?" Bibi aliuliza. "Mtu amekaa chini akaandika jina la mtoto wetu makusudi?"

"Ndiyo, mama."

"Nani?"

Hata hapo, fikiria, hata hapo Elinipa alimfichia Ummy, kwa sababu Ummy alikuwa amekula kwenye baraza hilo na Bibi alimpenda. Susana aliruka kwa mguu mmoja, akishika kiti, kisha ukuta, kisha mlango, mpaka akalifikia gongo lake. Akalichukua akaingia ndani. Loshoro ililiwa kimya, maana chakula hakitupwi, na watu wakaaga mmoja mmoja kama wanaotoka matangani.

Kesho yake kulikuwa na kikao. Meneja Frederick alisoma asilimia za walionaswa, akatabasamu. "Na mjue," akasema, "hata mwalimu wetu wa vidole amenaswa! Kwa hiyo hakuna aliye salama." Watu wakacheka, wengine kwa kuzoea tu. Ummy alikuwa amekaa pembeni, hakucheka. Hakusema pia. Angeweza kusema, *Meneja, ile haikuwa haki, nilitumia siri aliyonipa.* Maneno machache tu, na Elinipa aliyasubiri kikao kizima. Hayakuja, na hilo la pili lilimuuma kuliko la kwanza.

Wiki iliyofuata akaambiwa arudi ukumbini kuwakumbusha kinamama. Alikwenda, kazi ni kazi. Akanyanyua mkono, akapita gumba, akapita shahada. Alipofika kidole kirefu alisema kama ilivyokuwa, bila kujipamba: mimi moyo uliruka, nikabofya, msinicheke, mkijiona mmefurahi sana mbele ya kompyuta ondokeni mkanywe maji kwanza, na ukinaswa sema hapo hapo kama nilivyosema mimi. Kinamama hawakucheka. Nalepo akanyoosha mkono.

"Mama Gerson, na kama anayetuma ni mtu anayekujua? Anayejua unachokililia ndani?"

Elinipa akautazama mkono wake, ukiwa bado hewani.

"Kwa huyo hatukuweka kidole," akasema. Akaushusha.

Ummy alijaribu. Tuseme haki, alijaribu. Aliacha maandazi juu ya dawati, yakagawiwa kwa wahasibu. Alituma ujumbe mrefu kwenye simu wa kuomba radhi, na mle ndani alieleza tena habari ya meneja na asilimia, kwa hiyo haukuwa radhi hasa. Elinipa aliusoma akaujibu kwa neno moja: *Sawa.* Shikamoo za asubuhi aliziitikia, kwa sababu mtoto wa watu humwachi na salamu yake hewani kila siku. Chai hakumuuliza tena.

Kisha, Juni, baridi ya Meru imetua na kila mtu ofisini kavaa koti, ikaingia imeili. Bima. Kibali cha upasuaji. Mtegemezi Susana.

Moyo ulimruka, kweli uliruka, ila safari hii kilichourusha juu kilikuwa hasira. Alidhani ni hao hao tena. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaikunja mapajani, akakaa hivyo. Halafu akaanza, kidole kwa kidole. Anwani ya mtumaji: baada ya @ ilikuwa ile ile iliyo kwenye kadi yake ya bima. Linki: akaegesha kishale, akarudi kushoto toka kwenye mkwaju, mwenye nyumba akawa bima wenyewe. Haikuomba siri yoyote. Hata hivyo hakubofya. Alitoa kadi kwenye pochi, akaigeuza, akapiga namba iliyochapishwa nyuma yake miaka mingi kabla ya imeili hiyo.

"Ndiyo mama," dada wa upande wa pili akasema, "kimeidhinishwa jana. Hospitali wameshapewa taarifa."

"Rudia."

"Kimeidhinishwa, mama."

"Naomba urudie tena, mwanangu, usinichoke."

Akarudia. Elinipa akashukuru, akakata, akapiga hospitali vilevile, wakamwambia ndiyo hivyo na tarehe wakampa. Hakupiga ukelele. Nyumbani hakupiga. Alimaliza nyaraka zake, akasubiri jioni, akapanda Akeri akaliita jina la mtoto jikoni, ambako Susana alikuwa akimenya ndizi na Bibi.

"Kibali kimetoka," akasema.

Bibi hakupiga kigelegele. Aliweka kisu chini, akamtazama Susana. Susana aliendelea kumenya ile ndizi mpaka ikaisha, akaitia kwenye maji.

"Hii ni ya kweli," akauliza, "au ni ya kazini?"

Elinipa akachuchumaa, akaushika mkono wa mwanawe uliojaa utomvu wa ndizi, akampitisha gumba mpaka cha mwisho, akamweleza alitazama nini na nini, alipiga wapi na wapi, na nani alimjibu nini. Mtoto akasikiliza yote. Mwisho akasema, "Sawa mama. Nitaamini nikiamka hospitali." Akachukua ndizi nyingine.

Asubuhi Ummy alipita dawatini, kakumbatia laptopu kifuani. "Shikamoo Mama Gerson."

"Marahaba."

Hakuondoka. Alisimama pale akicheza na kona ya mtandio wake, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelililia jambo hili, hilo Elinipa aliliona na wala hakulikana. "Mama Gerson," akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "kile cha Susana, hivi kimetoka? Namwombea kila siku, wallahi."

Elinipa alikuwa na ile tarehe ya hospitali ndani ya pochi, kwenye miguu yake, chini ya dawati. Alimtazama Ummy usoni, kwa upole kabisa.

"Bado," akasema, akarudi kwenye nyaraka zake.